Usinisomee karatasi, nionyeshe ateri

Wiki iliyopita dada mmoja aliyehamishiwa thieta kutoka wodi ya wazazi aliniuliza, kwa heshima zote, kwa nini nahesabu upya seti ya vifaa vya upasuaji ambayo karatasi yake imeshasainiwa na chumba cha kutakasia vifaa. "Sista, si wameandika thelathini na mbili?" Nilimjibu kwa mkato kwa sababu mgonjwa alikuwa anapandishwa mezani, na usoni niliona jibu halijamtosha. Jibu refu ni hili hapa, na ameshaniruhusu niliweke hadharani.

Nafanya kazi kwenye hospitali ndogo upande wa kusini wa Dar es Salaam. Thieta yetu ina meza moja tu. Kuna otoklevu moja na seti tatu za upasuaji wa uzazi zinazopokezana: moja imefungwa tayari, moja inatumika, moja inaoshwa. Ngiri zipo, vidole tumbo vipo, lakini kazi kubwa ni kuwatoa watoto, na nyingi zinakuja usiku.

Ndani ya seti yetu ya uzazi kuna kishikio cha wembe kimoja, ateri zilizopinda sita, ateri zilizonyooka nne, Green-Armytage nne za kubana kingo za mfuko wa uzazi, Allis nne, mikasi miwili, vibano viwili (chenye meno na kisicho na meno), vishikio vya sindano viwili, Doyen moja ya kukinga kibofu, vishikio vya sponji viwili na klipu nne za kubana mashuka. Jumlisha utapata 32. Ukitaka kukumbuka kitu kimoja katika orodha hiyo, kumbuka ateri. Doyen ni kubwa kama kijiko cha pilau, huwezi kuisahau tumboni bila kujua. Ateri, yaani koleo la kubana mshipa wa damu, ni nyembamba, ipo nyingi, inapita mikono mingi, na ndiyo inayobanwa kwenye mshipa unaovuja damu kisha kila mtu akageukia jambo lingine.

Sasa niwaeleze usiku ulionifundisha kuhesabu upya. Saa saba na nusu leba walipiga simu: mama wa mimba ya kwanza, uchungu wa muda mrefu, mapigo ya mtoto yanashuka na hayarudi vizuri. Mtoto amechoka. Daktari alikuwa zamu, mtaalamu wa usingizi alikuwa zamu, na mimi ndiye niliyenawa ili nisimame mezani. Mwenzangu mmoja alikuwa nesi wa kuzunguka, yule ambaye hajavaa gauni safi, anayefungua paketi, anayeandika ubaoni na kukimbia huku na huku.

Mama alichomwa sindano ya mgongo saa nane na dakika chache. Nilifungua seti, nikaona karatasi ndani imewekewa tiki kila mstari, chini kuna sahihi. Mwenzangu akaniuliza, "Ngapi?" Nikaitazama karatasi nikamsomea: "Ateri zilizopinda sita, zilizonyooka nne, Green-Armytage nne…" Naye akaandika ubaoni nilivyosoma. Swabu tulizihesabu kweli, tano tano, kwa sababu swabu tumefundishwa kuziogopa. Vifaa nikavisoma. Nilikuwa na miaka saba thieta wakati huo, kwa hiyo siwezi kujitetea kwamba nilikuwa mgeni.

Mtoto alitoka saa nane na robo, amelegea, hana sauti. Hapa naomba tusimame kidogo, maana hapa ndipo vifaa vinapotawanyika. Daktari anabana kitovu kwa ateri mbili zilizonyooka na kukata katikati. Ateri moja inabaki kwenye kipande kinachoelekea kwenye kondo la nyuma. Nyingine inaondoka na mtoto. Kwa kawaida mkunga anampokea mtoto, anamfunga klipu ya plastiki kitovuni, anaifungua ateri na kuiweka kwenye bakuli ambalo nesi wa kuzunguka analiona. Hairudi mezani kwa sababu si safi tena, lakini inabaki chumbani na inahesabika.

Usiku ule mtoto hakulia. Mkunga alimpeleka kwenye meza ya kupasha joto pale pembeni, akamkausha, akaanza kumpulizia hewa kwa mfuko. Baada ya dakika mbili tatu mtoto akavuta pumzi, akaguna, rangi ikarudi. Akafungwa khanga haraka na kupelekwa chumba cha watoto wachanga kwenye oksijeni. Hakuna aliyewaza klipu ya kitovu. Na mimi nisingetaka aiwaze kabla ya pumzi, hilo liwe wazi.

Mezani mambo yalikuwa yamebadilika. Mpasuo wa mfuko wa uzazi ulikuwa umechanika zaidi upande wa kushoto na damu ilikuwa inakuja kwa kasi. Daktari akaomba ateri, nikampa, akaomba nyingine, nikampa, akashona, damu ikapungua. Kabla hajamaliza kuufunga mfuko wa uzazi nilihesabu swabu tu, zikatimia. Ateri sikuzihesabu. Nilijiambia nitazihesabu kabla ya tumbo kufungwa.

Saa nane na dakika hamsini nikahesabu. Zilizopinda tano. Zilizonyooka mbili mezani, moja kwenye bakuli la kondo, jumla tatu. Ubaoni imeandikwa sita na nne. Nikarudia kutoka upande wa pili wa meza. Tano na tatu. Mbili hazipo.

"Dokta, naomba usifunge. Sioni ateri mbili, moja iliyopinda na moja iliyonyooka."

Daktari yule ni mtu mwema, lakini ilikuwa saa tisa kasoro usiku na alikuwa amesimama tangu asubuhi. Alishusha pumzi nzito, akasimamisha sindano. Tukatafuta kwa utaratibu unaoanzia kwa mgonjwa na kwenda nje: kwanza tumboni, kisha juu ya mashuka na kwenye mikunjo yake, kisha meza yangu, kisha ndoo za swabu, takataka, sakafuni, chini ya meza, na mwisho nguo chafu zilizotolewa. Tumboni alipitisha mkono pembeni mwa utumbo pande zote mbili, nyuma ya mfuko wa uzazi, na juu chini ya ini. Hakuna kitu. Mwenzangu alikung'uta mashuka moja moja. Hakuna kitu.

Ndipo akaropoka, "Mtoto!" Akampigia mkunga. Tulisikia simu ikiwa wazi, kisha mkunga akacheka kwa mshangao: khanga ilipofunguliwa ateri ilikuwa inaning'inia kitovuni, imelala ubavuni mwa mtoto. Wote tukapumua. Daktari akanyoosha mkono apewe uzi.

Hapo ndipo penye hatari kubwa kuliko zote usiku ule. Kitu kilichopatikana kinatuliza moyo kana kwamba kimepatikana chote. Mwenzangu, ambaye ni mdogo kwangu kwa miaka kumi, ndiye aliyesema, "Sista, ile ni iliyonyooka. Iliyopinda bado." Kama tungekuwa na desturi ya kuandika "ateri kumi" bila kutenganisha aina, bado tungeona pengo la moja, lakini tusingejua ni aina gani. Ateri iliyonyooka ilikuwa ya kitovu. Iliyopinda ndiyo niliyokuwa nampa daktari akiwa anapambana na damu ndani ya tumbo. Kwa hiyo iliyokosekana ilikuwa ileile yenye kila sababu ya kuwa ndani.

Daktari akatafuta tena tumboni, safari hii kwa kuona na si kwa kupapasa peke yake, taa imesogezwa. Hakuna kitu. Mashine yetu ya eksirei iko jengo la pili na haihamishiki, na fundi wake huwa anaitwa kutoka nyumbani. Tulimpigia. Alikuja na bodaboda kutoka Kongowe akiwa na koti la mvua juu ya nguo za kulalia, Mungu amzidishie. Daktari aliamua kufunga tumbo, kwa sababu kumwacha mama wazi akisubiri jengo lingine kungekuwa na hatari yake, kisha mama apite eksirei kabla ya kwenda wodini. Alilisema hilo kwa sauti na likaandikwa kwenye faili pamoja na saa.

Mama alikuwa macho muda wote. Sindano ya mgongo inashika kiasi cha saa moja na nusu hadi mbili, na tulipokuwa tunamsukuma kwenye kitanda kuvuka uwanja alikuwa ameshaanza kukunja uso. Akaniuliza kama mtoto wake amekufa na tunamficha. Nilimwambia ukweli: mtoto yuko hai, anapumua, sisi tunatafuta kifaa kimoja ambacho hesabu yake haijatimia, tunapiga picha tuhakikishe hakikubaki kwako. Alinyamaza kidogo akasema, "Basi ipigeni vizuri." Zilipigwa picha mbili, kwa sababu moja haikutosha kuonyesha tumbo zima kuanzia kwenye nyonga hadi juu penye kiwambo cha kifua. Ateri ni chuma, kwenye picha inang'aa wazi na hata mwanafunzi angeiona. Haikuwepo. Saa kumi na robo alfajiri mama akaenda wodini.

Saa moja na nusu asubuhi mzee wa chumba cha kutakasia vifaa aliingia kazini. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi namsubiri. Nikamuuliza ateri iliyopinda ya seti namba mbili. Wala hakuhitaji kufikiri. "Iliyopinda? Si iko leba. Walikuja kuiomba juzi mchana, ya kwao imelegea."

Haikuwahi kuwepo mezani kwangu. Alifunga seti ikiwa na vifaa 31, akaweka tiki 32, kwa sababu karatasi zenyewe zilikuwa fotokopi na namba imeshachapwa, na mkono wake ulizoea kushuka mstari kwa mstari. Simlaumu sana. Mimi nilifanya hivyohivyo kwa mdomo.

Kwa hiyo mama alipekuliwa tumbo mara mbili, akapigwa mionzi mara mbili, akasukumwa uwanjani ganzi ikimwisha, kwa ajili ya kitu kilichokuwa kwenye droo ya leba. Na bado naamini tulivyofanya baada ya saa nane na dakika hamsini ilikuwa sahihi, kila hatua. Kosa lilikuwa la saa nane na dakika tano.

Kinachoninyima usingizi zaidi ni upande wa pili wa kosa lile. Tuseme mzee angeongeza ateri badala ya kupunguza: leba wamerudisha yao kimakosa, seti ina zilizopinda saba, karatasi inasema sita. Mimi nasoma sita. Katika damu ile moja inabaki nyuma ya mfuko wa uzazi. Mwisho nahesabu mezani: sita. Imetimia! Tunasaini, tunapongezana, mama anakwenda nyumbani. Hesabu ya mwisho haina uwezo wa kugundua kosa la hesabu ya mwanzo. Inalinganisha tu, na ukiipa namba ya uongo italinganisha na uongo huo kwa uaminifu kabisa. Utafiti mmoja wa Marekani uliochapishwa mwaka 2003 ulichunguza wagonjwa walioachiwa vitu mwilini na kukuta kwamba pale hesabu ya mwisho ilipofanyika, mara nyingi sana ilikuwa imeandikwa kwamba iko sawa. Utafiti huohuo ulikuta hatari inapanda kama mara tisa upasuaji ukiwa wa dharura na kama mara nne pale mambo yanapobadilika ghafla katikati. Usiku wetu ulikuwa na vyote viwili.

Basi tunavyofanya sasa ni hivi.

Nanawa mapema. Wakati mtaalamu wa usingizi anamkalisha mama na kumtafutia nafasi mgongoni, mimi nimeshavaa na seti iko wazi. Dakika zile ndizo za kuhesabu, na hazimcheleweshi mtu. Seti kama yetu inahesabika kwa dakika mbili, tatu ukiwa mwangalifu. Anayesubiri mpaka daktari ameshika wembe ndipo aanze kuhesabu atahesabu kwa woga.

Karatasi inakaa kwa nesi wa kuzunguka, mimi siioni. Naichukua ateri ya kwanza kwenye pini iliyozishika, naiweka peke yake, nasema "moja", yeye anaitazama. Ya pili naiweka mbali kidogo na ya kwanza, "mbili". Zikiwa bado zimepangwa kwenye pini zinafichana, na ateri mbili zilizoshikana meno zinaonekana moja. Nikimaliza aina moja natamka jumla, na yeye ndipo anaangalia kama karatasi inakubali. Akinitajia namba kabla sijahesabu, namwambia nimesahau na naanza upya. Wengine wananiona mkorofi kwa hilo. Lakini sikio likishaambiwa sita, jicho linaona sita.

Kuna jambo dogo la lugha ambalo sijawahi kuliona kwenye mwongozo wowote. Ukiwa na barakoa, feni inazunguka na mashine ya kufyonza inanguruma, "nne" na "nane" ni neno moja. Seti yetu ina vitu vinne vinne kila mahali: ateri zilizonyooka nne, Green-Armytage nne, Allis nne, klipu nne. Ukiongeza seti ndogo inayofunguliwa katikati unaweza kupata nane kihalali. Tuliwahi kuandika nane ubaoni badala ya nne na kuanza kutafuta Allis ambazo hazijawahi kununuliwa. Sasa nesi wa kuzunguka anarudia namba kwa kuinua vidole, na wale wanaopenda kuhesabu kwa Kiingereza wahesabu kwa Kiingereza mwanzo hadi mwisho, wasichanganye.

Wakati wa kuhesabu naangalia pia kama kifaa ni kizima. Skrubu ya kishikio cha sindano, ncha ya klipu, meno ya kibano. Kifaa kilichokatika ncha kinahesabika kuwa kimoja, na ncha yake haihesabiwi na mtu. Kikiwa na kasoro mwanzoni kinatoka chumbani kabla mama hajakatwa.

Kitu chochote kinachoongezwa katikati kinaandikwa kabla hakijanifikia. Nesi wa kuzunguka akifungua paketi ya ateri mbili za ziada, tunazihesabu pamoja hapohapo, anaandika "+2" pembeni ya sita, ndipo napokea. Damu ikiwa nyingi na daktari anafoka, bado zinahesabiwa. Kutamka moja, mbili kunachukua muda wa kupepesa macho.

Ateri ya mtoto tumeipa sehemu yake ubaoni. Kuna mstari umeandikwa "Mtoto" na mwingine "Kondo". Ateri ikiondoka na mtoto, nesi wa kuzunguka anaandika 1 mbele ya mtoto, na haifutwi mpaka ateri yenyewe irudi kwenye bakuli. Mkunga akiwa na mtoto mzima anaweka klipu ya plastiki palepale na kurudisha ateri. Akiwa na mtoto aliyechoka anaendelea na pumzi, ubao unakumbuka kwa niaba yake. Ya kondo ni ya kuogopa zaidi, kwa sababu kondo likitupwa kwenye shimo na ateri yake hutaipata tena, na hutakuwa na njia ya kuthibitisha kwamba haiko tumboni. Kwa hiyo ndoo ya kondo, mfuko wa takataka na nguo chafu havitoki mlangoni mpaka hesabu ya mwisho. Wahudumu wa usafi wanalijua hilo kuliko madaktari wengine.

Nahesabu vifaa na swabu kabla mfuko wa uzazi haujafungwa, kabla tumbo halijafungwa, na wakati ngozi inashonwa. Ile ya kwanza ndiyo niliyoiruka kwa ateri usiku ule. Kila mara naanzia kwenye kidonda, nakuja mezani, namalizia kwenye vilivyoshuka chini au kutoka pembeni. Mpangilio ni uleule hata nikiwa nimechoka, au hasa nikiwa nimechoka.

Je, mtoto akiwa anakufa na hakuna hata dakika mbili? Inatokea. Kitovu kimetangulia, mapigo yamebaki kidogo, wembe unaingia kabla sijafungua seti vizuri. Basi tunaandika ubaoni na kwenye faili: "Vifaa havikuhesabiwa mwanzo." Hatuandiki 32. Na kwa kuwa hatuna namba ya kulinganisha, mama anapigwa picha mwishoni. Ni gharama na usumbufu, lakini ni picha ya kutafuta chuma, na chuma kinaonekana. Kwa swabu msijidanganye hivyo. Tunazokunja wenyewe kutoka kwenye jora la shashi hazina uzi wa kuonekana kwenye eksirei, na picha safi haithibitishi chochote juu yake. Ndiyo maana paki zetu kubwa za tumbo zina mkia, na mkia unabanwa ateri inayoning'inia nje ya kidonda. Sindano ndogo sana nayo inaweza isionekane.

Baada ya upasuaji hesabu inaendelea nje ya thieta, na hapa ndipo tulipoziba tundu lenyewe. Vifaa vikitoka kulowekwa kwenye maji ya klorini ya asilimia 0.5 kwa dakika kumi, vikishaoshwa na kukaushwa, vinahesabiwa na watu wawili kabla ya kufungwa. Zile fotokopi tulizichana. Karatasi mpya ina majina ya vifaa na nafasi tupu ya namba, na anayefunga anaandika alichokiona kwa mkono wake. Seti ikiwa na 31 inaandikwa 31, na kwa nje inabandikwa utepe mwekundu wenye jina la kisichokuwepo. Seti ya 31 haina ubaya wowote, nimefanyia kazi nyingi. Pia kuna daftari la kuazima limefungwa kwa kamba kwenye mguu wa meza, maana la kwanza liliazimwa likapotea.

Kwenye ukuta wetu kuna ile orodha ya usalama wa upasuaji ya Shirika la Afya Duniani. Wengi hawajui kwamba ilipojaribiwa mwaka 2007 na 2008 katika hospitali nane duniani, mojawapo ilikuwa ya hapahapa kwetu, Ifakara. Sehemu yake ya tatu, kabla mgonjwa hajatoka, inataka nesi atamke kwa mdomo kwamba hesabu ya vifaa, swabu na sindano imekamilika. Naipenda kwa neno hilo moja, kutamka. Tiki inaweza kuwekwa na mtu anayewaza daladala ya kurudi nyumbani.

Na namna ya kutamka ina maana yake. Zamani nilikuwa nasema, "Dokta, hesabu haiko sawa." Daktari anasikia kwamba mimi nimekosea kuhesabu na ananiambia nirudie, huku sindano yake inaendelea. Sasa nataja kitu, idadi na ninachoomba: "Dokta, ateri moja iliyopinda sijaiona, naomba usifunge." Hakuna daktari ambaye ameendelea kushona baada ya sentensi hiyo.

Juzi yule dada aliyeniuliza alikuwa ndiye nesi wa kuzunguka. Nilifungua seti nikamtazama, naye akaishika karatasi, akaigeuzia kifuani nisiione, akainua kidole kimoja kusubiri ateri ya kwanza.